Saa 2:30 usiku ya Tunduma: namna ya kupanga safari ya Lubumbashi–Dar wakati korespondansi moja iko finyu

Watu wa biashara wa Lubumbashi wanaoenda Dar es Salaam kwa barabara wanajua njia bila kuuliza. Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu ile barabara ndefu ya kaskazini mpaka Nakonde. Unavuka mupaka, uko Tunduma, na kutoka pale bisi ya Tanzania inakupeleka Dar. Mizigo yetu inapitaka mule mule. Kitu kinachosumbua ni saa. Njia ni moja, lakini oreri ziko nyingi, kila ajansi na yake, na hakuna mutu anayeziunganisha isipokuwa wewe mwenyewe uliye na kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa komini ya Kenya (Kenya ya hapa kwetu, si inchi ya Nairobi). Kontena yake imefika bandarini Dar, siku za kuiacha bila kulipa zinamalizika alhamisi, na yeye anapaswa kuwa mbele ya wakala wake alhamisi hiyo asubuhi. Anaondoka siku ya kwanza. Amepiga simu kila mahali na ameandika hivi: bisi ya Nakonde inatoka Lusaka 5h00, inapita Kapiri 8h00, inafika Nakonde 18h30. Bisi ya Tunduma–Dar: saa 2:30 usiku. Anaangalia karatasi na anafurahi. «Kutoka 18h30 mpaka 2h30 ya usiku, ile ni saa munane nzima! Nitakula, nitaoga, nitapumzika.»

Hapo njo mambo yanaharibikia.

Karani wa Tunduma aliyemwambia «saa mbili na nusu usiku» hakudanganya. Alisema Kiswahili cha kwao. Tanzania saa za usiku zinaanza kuhesabiwa jua likisha kuzama: 19h00 ni saa moja usiku, 20h00 ni saa mbili. Kwa hiyo saa 2:30 usiku ni 20h30. Sisi tukisikia saa kwa mudomo tunaweza kuelewa, lakini tukisha kuiandika kwenye karatasi tunaisoma kwa Kifaransa, na ile 2:30 inageuka kuwa usiku wa manane. Ni vilevile na bisi ya «saa 12 asubuhi»: ile ni 6h00, wala si midi. Watu wamepoteza bilyeti sababu walifika kituoni saa sita za mchana wakiwa wamevaa vizuri na mizigo imefungwa.

Basi turekebishe karatasi ya mama. Kufika Nakonde 18h30, kuondoka Tunduma 20h30. Bado anaona saa mbili. Lakini zile saa mbili ni za uongo, na uongo wenyewe hautoki kwa karani wala kwa shoferi.

Lubumbashi na Zambia tuko kwenye saa moja, ndiyo maana ukivuka Kasumbalesa haubadilishi kitu. (Ni Kinshasa njo iko nyuma yetu kwa saa moja, kama simu yako ilipangwa kule, angalia vizuri: lazima isome Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa.) Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Saa 18h30 za Nakonde, ngambo ya barabara, Tunduma, ni 19h30. Ile saa moja unaipoteza kwa kutembea hatua chache tu. Mama ambaye alifikiri ana saa munane, akashuka kwenye saa mbili, sasa amebaki na saa moja ya kuvuka mupaka, na ile saa moja haina hata dakika ya akiba.

Dawa yake ni rahisi na haina teknolojia: andika safari yote kwa saa moja tu. Mimi nashauri ya kwetu, sababu siku mbili za kwanza unaishi nayo. Bisi ya saa 2:30 usiku inaandikwa 19h30. Bisi ya saa 12 asubuhi inaandikwa 5h00. Usiandike zote mbili kando kwa kando. Ukichoka, jicho linachukua ile isiyo yake. Na usiitegemee simu pale mupakani. Nakonde na Tunduma zimeshikana kama Kasumbalesa yetu na ile ya Zambia, na simu inayojirekebisha yenyewe inaweza kunasa mnara wa Tanzania wakati wewe ungali Zambia, ao kurudia ya Zambia wakati umeisha kuvuka. Toa ule mpango wa kujirekebisha, ao beba saa ya mkono.

Sasa tuiangalie ile 18h30 yenyewe. Oreri ni ahadi, na ahadi inapimwa. Kutoka Kapiri Mposhi mpaka Nakonde ni kilometa karibu 810. Ukitoka 8h00 na kufika 18h30, umetumia saa kumi na nusu. Gawanya: ni kilometa 77 kwa saa, na humo ndani mumo kushusha watu, kupandisha watu, kula, kusimama kwenye bariyeri za polisi, na kukaa nyuma ya makamyo ambayo yanapanda mulima polepole yakiwa na shaba ya kwetu mgongoni. Bisi nzuri inaweza. Lakini usipange maisha juu ya siku nzuri. Weka kilometa 70 kwa saa, ambayo bado si mbaya hata kidogo, na safari inakuwa saa kumi na moja na nusu: unafika 19h30. Kumbuka ile bisi ya Tunduma kwa saa yetu inatoka saa ngapi? 19h30.

Kwa hiyo tofauti ya kilometa saba kwa saa, kitu ambacho hakuna abiria anayeweza kukiona akiangalia dirishani, inakula korespondansi yote. Hii njo maana ya korespondansi finyu. Finyu si kwamba dakika ni kidogo. Kuna dakika kumi ambazo zinatosha kabisa, kama vile ukibadilisha taksi Kenya–Katuba, kwa sababu ingine iko nyuma. Finyu ni pale ambapo kosa dogo la bisi ya kwanza ni kubwa kuliko nafasi uliyoacha, na bisi inayofuata iko mbali.

Hebu tuvuke sasa ule mupaka pamoja na mama. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2019, Nakonde na Tunduma ni kituo kimoja: anayeenda Tanzania anamaliza mambo yote, kutoka Zambia na kuingia Tanzania, upande wa Tunduma. Ilipunguza mistari, ni kweli. Lakini kabla ya kufika dirishani unapaswa kushuka, kungoja konveya afungue mulango wa mizigo, kutafuta valizi yako katikati ya magunia ya watu, kukubaliana bei na mwenye mkokoteni, na kufika. Halafu pasipoti, karte ya manjano ya chanjo, maswali, duwane kuangalia mizigo. Halafu kutafuta ajansi, sababu bisi haingojei mlangoni. Na ajansi zinataka abiria aripoti nusu saa kabla. Mutu mmoja na mufuko mmoja, siku isiyo na mustari, anaweza kumaliza kwa muda mfupi. Mama mwenye magunia mawili, nyuma ya bisi mbili zilizofika pamoja, weka saa moja na nusu na usiombe radhi.

Mama anaweza kuuliza: sasa bisi ya Tunduma itaningoja? Jibu linategemea bilyeti. Kama kampuni moja imekuuzia safari nzima, bisi ya kwanza ikichelewa ni shida yao, na wanajua idadi ya watu wanaokuja. Kama umenunua bilyeti mbili kwa kampuni mbili, shoferi wa pili hakujui. Kwake wewe ni kiti kitupu, na kiti kitupu kinauzwa. Kwa hiyo usilipe bilyeti ya pili mapema kwa kuogopa kukosa nafasi, kabla hujauliza neno moja: nikichelewa, munanihamishia kwa bisi ya kesho, ao falanga imekufa? Jibu uliandike, pamoja na namba ya simu ya ile ajansi ya Tunduma, si ya ofisi yao ya Dar.

Wengine watasema zamani haikuwa hivi, Tunduma ilikuwa na bisi za asubuhi tu. Ni kweli. Tanzania ilizuia bisi kutembea usiku kucha kwa miaka mingi, na ruhusa ilirudi mwezi wa 10 mwaka 2023. Mashauri ya wakubwa waliosafiri mbele ya pale yalikuwa mazuri kwa wakati wao: unafika jioni, unalala Tunduma, unaondoka asubuhi, hakuna kukimbizana. Bisi ya usiku njo imeleta ile tamaa ya kuunganisha. Upande wa Zambia nako uliza swali la usiku. Mwaka 2016 serikali yao ilikataza bisi za abiria kutembea kati ya 21h00 na 5h00. Muulize karani: «Tukichelewa, bisi inalala wapi?» Akijibu bila kufikiri, ujue ile kitu imeisha kumutokea.

Sasa turudie kwa lile ambalo mama angepaswa kulifanya kwanza, mbele hata ya kupiga simu: kuanza na mwisho. Anatakiwa Dar alhamisi asubuhi. Kutoka Tunduma mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 900, weka saa kumi na nne. Bisi ya jumane usiku, ile ya 19h30 yetu, ingemufikisha jumatano, siku ya tatu, asubuhi. Bisi ya jumatano asubuhi, ile ya saa 12 ambayo kwetu ni 5h00, ingemufikisha jumatano ile ile jioni, 19h00 yetu, saa mbili usiku ya Dar. Zote mbili zinafika mbele ya alhamisi! Ile korespondansi finyu inamupa nini? Mchana mmoja wa kuzunguka Kariakoo, na kuponyoka malipo ya usiku mmoja wa hoteli ya Tunduma. Kama ananunua kitambaa, ile mchana ina faida. Kama ni kontena tu, anacheza bahati na sibu bila zawadi.

Lakini kama mambo yake yangekuwa jumatano saa nane mchana? Pale kila kitu kinabadilika. Bisi ya usiku inakuwa ya lazima, na akiikosa, ile ya asubuhi inamufikisha wakati ofisi zimefungwa. Wengi wanafanya nini? Wanasali na wanaondoka jumatatu. Inafaa kuondoka juma pili. Siku ile moja ya mbele haiongezwi mwishoni, Dar, kama watu wanavyopenda. Inawekwa kama usiku, na usiku una mahali pake.

Angalia safari yenyewe. Sehemu ya kwanza, kutoka hapa mpaka Kapiri, karibu haina oreri. Lubumbashi–Kasumbalesa ni kilometa karibu 90, peyaje humo ndani, halafu mupaka na makamyo yake. Siku zingine unapita kama maji. Siku zingine saa nne zinaisha ungali unaangalia mugongo wa mutu mmoja. Ngambo, gari ndogo za Chililabombwe na Chingola zinaondoka zikijaa, na «zikijaa» si saa. Unabadilisha Chingola ao Kitwe, unafika Ndola, unashuka Kapiri. Ukitoka 5h00 na kupata siku ya kawaida, uko Kapiri 16h00 ao 17h00. Ukipata siku mbaya, 20h00. Tofauti ni saa nne, na hakuna karani wa kuipunguza. Sehemu ya pili ina oreri. Basi usiku unawekwa kati ya ile isiyo na oreri na ile yenye oreri: unalala Kapiri. Ule usiku unameza saa nne za Kasumbalesa zote, na asubuhi unaanza upya kwenye karatasi safi.

Kuna shida moja tu ya Kapiri, na watu hawaielezi. Ile bisi ya 8h00 haianzi pale. Imetoka Lusaka, kilometa karibu 200 upande wa kusini, na oreri iliyo ya kweli ni ya Lusaka peke yake. Kwa Kapiri ile 8h00 ni makadirio: inaweza kupita 7h30, inaweza 9h00, na inaweza kupita ikiwa imejaa. Kwa hiyo nunua kiti kutoka Lusaka, hata kama unalipa njia ambayo hauitembei, na umwambie karani aandike kwamba unapanda Kapiri. Asubuhi 5h30 piga simu Lusaka uulize jambo moja: imetoka kweli? Kama imetoka 6h00 badala ya 5h00, umeisha kujua kutoka Kapiri kwamba bisi ya usiku ya Tunduma imekufa, na una siku nzima ya kupanga kwa utulivu. Wengine wanaona afadhali kushuka mpaka Lusaka jioni ile ile, kwenye kituo kikubwa cha Dedan Kimathi, wapande pale mwanzo. Kiti ni cha hakika, sawa. Lakini umetembea kilometa 400 za kwenda na kurudia mahali ulipokuwa, na umeamka mbele ya 4h00.

Ukiwa ndani ya bisi, usingoje Nakonde ili ujue kama umechelewa. Kuna miji miwili ya kupimia. Serenje iko kilometa karibu 200 kutoka Kapiri: kama oreri inaheshimiwa, unapita pale kati ya 10h30 na 11h00. Serenje peke yake haitoshi kuhukumu, sababu kusimama kula kunaweza kuwa mbele ao nyuma yake. Mpika njo mwamuzi. Pale umetembea kilometa 440, zaidi ya nusu, na imebaki 370. Oreri inataka uwe Mpika 13h45. Ukiwa pale 14h00 na bisi ikiendelea na mwendo wa oreri, unafika Nakonde karibu 18h50, na mwisho wa kuripoti Tunduma ni 19h00 ya kwetu. Dakika kumi, na mupaka mzima katikati. Kwa mama, ile korespondansi imeisha pale Mpika, hata kama imebaki karibu saa tano za barabara.

Na pale pale Mpika njo anatoa simu. Saa za kwao ni saa tisa mchana, karani wa Tunduma yuko kazini, bisi ya usiku haijajaa, kiti chake kinaweza kuuzwa kwa mwingine, na kwa sababu hiyo karani ana moyo wa kumuhamishia kesho. «Mama, hakuna shida, nakuweka ya asubuhi, uripoti saa kumi na moja na nusu.» (Saa 5h30 ya pale, 4h30 ya simu yake. Aandike mara moja!) Akingoja kupiga simu Nakonde usiku, bisi imeisha kwenda na kiti chake kitupu, na hakuna mutu tena mwenye faida ya kumusikiliza.

Hoteli ya Tunduma atafute upande wa Tunduma, si Nakonde, hata kama bei ya Nakonde inapendeza. Avuke mupaka jioni ile ile akiwa hana haraka. Asubuhi ya 5h00 si saa ya kuanza kupanga mustari na magunia mawili.

Kitu kimoja tena, juu ya Dar yenyewe. Wale waliosafiri zamani watamwambia bisi inamwaga watu Ubungo. Tangu mwaka 2021 bisi za mikoani zinaingia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali zaidi na katikati ya muji. Kutoka pale mpaka bandarini, na mifuko, na foleni za asubuhi za Dar, inaweza kuchukua saa moja na nusu ao zaidi. Wakala akisema «tukutane saa tatu asubuhi», ile ni 9h00 ya Dar, 8h00 kwenye karatasi ya mama. Kama amelala Mbezi, karibu na kituo, atoke mbele ya 6h30 ya karatasi yake.

Karatasi yake mpya, ile aliyoikunja ndani ya pasipoti, ina mistari minne tu. Siku ya kwanza, 5h00, kutoka Lubumbashi, kulala Kapiri. Siku ya pili, bisi ya Lusaka, Mpika 13h45, kulala Tunduma. Siku ya tatu, 5h00, bisi ya Dar, kulala Mbezi. Alhamisi 8h00, wakala. Chini kabisa ameandika namba ya ajansi ya Tunduma na neno moja: Mpika.